Chatboti isikumbuke msiba wangu, ikumbuke kwamba sitaki vichwa

Mi naona tatizo kubwa la hizi chatboti za Wasap tunazotengeneza siku hizi sio kusahau, ni kukumbuka vitu visivyo kazi yake. Na hapa Tanga linauma zaidi manake mtu wa huku haagizi samaki kwa sentensi moja, anaanza na salamu, anauliza za nyumbani, anakueleza mgonjwa anaendeleaje, halafu ndo anakuja kwenye kilo. Yote hayo yanaingia kwenye chati na upande wa pili kuna programu inaamua kipi kiandikwe kisubiri mazungumzo yajayo.

Tuelewane kwanza, modeli yenyewe, ile akili bandia inayotunga majibu, haikumbuki kitu. Ukiongea nayo leo ukarudi wiki ijayo ni kama mgeni kabisa. Kinachofanyika ni kwamba programu inahifadhi mistari kadhaa kuhusu wewe kwenye databesi, na ukirudi inaibandika ile mistari mbele ya meseji yako kabla haijaipeleka kwa modeli. Basi. Kwahiyo ukisema chatboti inakukumbuka maana yake kuna mtu alipanga kanuni ya kuchagua mistari. Na modeli ina tabia moja ambayo kila aliyewahi kuitumia kazini anaijua, ukiiwekea kitu mbele yake inakitumia, hata kama swali halikihusu. Mteja kauliza bei ya pweza tu, lakini kwenye mistari kuna neno "mgonjwa", basi jibu la bei linakuja na pole ndani yake. Ndo maana nasema mstari wa ziada una madhara hata kama nafasi ya kuuweka ipo.

Sasa wengi wanachagua vipi? Wanaiuliza modeli "jambo hili ni muhimu kiasi gani, toa alama 1 mpaka 10", halafu zenye alama kubwa zinabaki. Njia hii ilijulikana sana mwaka 2023 pale watafiti wa Stanford na Google walipotengeneza kijiji cha wahusika wa kompyuta wanaoishi na kukumbukana, kila kumbukumbu ikapewa alama ya uzito, kupiga mswaki iko chini kabisa, kuachana na mpenzi iko juu kabisa, na wakati wa kukumbuka ile alama ilichanganywa na upya wa jambo na jinsi linavyohusiana na kinachoendelea. Kwa kazi yao ilifaa, wale walikuwa wanaigiza maisha ya watu. Lakini ukiichukua vilevile ukaiweka kwenye duka la samaki imeharibika, kwa sababu uzito wa jambo kwa mtu na faida yake kwa oda ijayo ni vitu viwili tofauti. Msiba utapata 9. Kwamba mteja hataki vichwa vya samaki itapata 2. Na hicho cha 2 ndo kinahitajika kila Jumamosi.

Nitoe mfano niliouona. Kuna vijana wametengeneza chatboti ya kupokea oda kwa muuzaji mmoja anayechukua mzigo pale soko la samaki la Deep Sea, na mteja wao mmoja ana mgahawa, alikuwa Chumbageni. Kwenye kumbukumbu yake tayari kulikuwa na mistari mitatu: hataki vichwa, mzigo ufike kabla ya saa tatu asubuhi, mgahawa uko Chumbageni. Siku moja, Alhamisi, akaandika hivi (nimebadilisha kidogo asijulikane):

"Asalaam aleykum mwanangu, kesho kutwa tuna arobaini ya baba nataka kolekole kilo 35, vichwa msitoe tutapika supu. Na kamba msiwachanganye barafu moja na hawa samaki, mjukuu wangu akila kamba anavimba. Mgahawa tumehamia Makorora, muda uleule."

Chatboti ikahifadhi kila kitu. Ikaandika mteja anapenda kolekole kilo 35, ikafuta "hataki vichwa" ikaweka "anataka vichwa", ikaandika mteja ana mzio wa kamba, ikaandika baba yake amefariki, ikaongeza Makorora bila kuondoa Chumbageni. Mwezi uliofuata yule mama anaagiza samaki wake wa kawaida wa mgahawa, anaulizwa kama aandikiwe kilo 35 za arobaini ya baba. Samaki wakaja na vichwa, na dereva akaenda Chumbageni. Hebu fikiria kuulizwa swali lile na simu wakati umeshaanza kupoa.

Ningekuwa mimi ndo naamua, meseji ile ingeacha badiliko moja tu la moja kwa moja, Makorora inachukua nafasi ya Chumbageni, ule wa zamani unatoka kabisa hausubiri. Hapa ndo watu wanakosea sana, wanaongeza tu, na kumbukumbu mbili zinazopingana zikikutana modeli inachagua yoyote. Kila jambo jipya lazima lipelekwe pamoja na mistari iliyopo na modeli iulizwe, ongeza, badilisha, futa, au acha? Mfumo wa kumbukumbu za chatboti uitwao Mem0, kama ulivyoelezwa kwenye makala yake ya utafiti ya mwaka 2025, ulifanya hivyohivyo, hayo maamuzi manne, ila mi nasisitiza kwamba kwa chatboti ya duka "acha" ndo liwe jibu la kawaida na mengine matatu yatafutiwe sababu.

Kilo 35 ni "acha", manake oda yenyewe iko kwenye jedwali la oda na tarehe yake, hakuna haja ya kuiandika tena mahali pengine kama vile ni tabia ya mtu. Arobaini ni tukio, lina siku yake, likipita limepita. Ikilazimika kuiweka kwa ajili ya kufuatilia ule mzigo basi iwekwe na siku ya mwisho, na "kesho kutwa" igeuzwe tarehe kamili pale pale inapoandikwa, manake ukiihifadhi kama "kesho kutwa" ukaisoma wiki ijayo ni kesho kutwa nyingine. Vivyo hivyo saa tatu asubuhi, iandikwe 09:00, nimeshaona ikihifadhiwa "saa 3" na baadae mfumo unaisoma alasiri.

Vichwa ni pagumu kidogo. Mteja kasema kinyume cha kilichoandikwa, kwahiyo modeli inaona ni badiliko. Lakini kasema ndani ya shughuli moja na katoa sababu, supu ya siku ile. Kanuni yangu ni kwamba ombi lililofungwa kwenye tukio halifuti tabia, mpaka lijirudie nje ya lile tukio. Ukikosea upande huu hasara ni kumuuliza mteja mara moja zaidi, ukikosea upande ule unamletea asichotaka kila wiki.

Halafu mzio. Huu una faida kweli oda ijayo, lakini sio wa yule mama, ni wa mjukuu. Namba ya simu sio mtu. Huku kwetu simu moja mama anaagizia, binti anaagizia, kijana wa jikoni anaagizia, kwahiyo kila mstari unahitaji sehemu ya "la nani". Na hii ni taarifa ya afya, tena ya mtoto, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwahiyo chatboti isijiamulie, iulize waziwazi, "Nihifadhi hili la kutochanganya kamba kwa oda zote zijazo?" akisema ndiyo unaandika, akikaa kimya huandiki. Na unachoandika ni kazi yenyewe, "kamba wafungwe peke yao", ugonjwa wa mtoto hauna haja ya kukaa kwenye databesi ya muuza samaki.

Mstari ukiandikwa uwe hivi:

```json
{
  "jambo": "mzigo upelekwe Makorora",
  "la_nani": "mgahawa",
  "chanzo": "kasema mwenyewe",
  "tarehe": "2025-06-12",
  "mwisho": null
}
```

Hiyo "chanzo" naipigania kila siku. Modeli inapenda kukisia, mteja akiuliza samaki gani anamfaa mjamzito yenyewe inaandika "mteja ni mjamzito", kumbe anamuulizia wifi yake. Kama hakusema mwenyewe kuhusu yeye mwenyewe, isiandikwe, sioni sababu yoyote ya duka kuhifadhi makisio ya mwili wa mtu.

Na kazi hii isifanyike meseji kwa meseji. Subiri mazungumzo yatulie, tuseme saa nzima hakuna kitu, ndo usome chati yote kwa pamoja, manake mtu anasema kilo 10, anabadilisha 8, anasema subiri nimuulize shemeji, mwisho anaghairi.

Kujua kama kumbukumbu yako imeharibika sio ngumu. Chukua mistari ya wateja kadhaa, kila mstari ujiulize ni oda ipi baada ya hapo ilibadilika kwa sababu yake. Kama haupo hata mmoja uliobadilisha kitu, unabeba mzigo wa bure. Angalia pia mistari inayoongelea kitu kimoja kwa mteja mmoja, anuani mbili, muda mara mbili, hapo ujue kubadilisha hakufanyi kazi. Na uangalie Ramadhani, hii wengi hawaioni, mteja mwezi mzima anataka mzigo alasiri kwa ajili ya futari, halafu Shawwal imeingia na chatboti bado inampangia alasiri. Tabia ya mwezi ule iwekewe mwisho kama tukio lingine lolote.

Kuna la laini pia. Laini isipotumika muda mrefu kampuni ya simu inaigawa kwa mtu mwingine, na mtu mwingine huyo akituma "mambo" kwenye duka lako atajibiwa kwa mambo ya mama wa Makorora. Kwahiyo namba iliyokaa kimya miezi kadhaa, ikirudi, mistari yake ifungwe kwanza mpaka mtu ajitambulishe.

La mwisho ni kufuta. Mteja akisema "futeni habari zangu", vijana wengi wanafuta mstari kwenye databesi wanadhani wamemaliza, lakini chati ya zamani ipo palepale, na ile kazi ya kusoma chati ikipita tena inakuta jambo lilelile inaliandika upya. Ukifuta mstari, ondoa na kipande cha chati kilikotoka, na kama unatumia utafutaji wa maana, ule usiotegemea maneno yaleyale, basi futa na vekta yake, zile namba zinazobeba maana ya mstari, halafu ingia kama yule mteja, agiza samaki, usome mwenyewe nini kimebandikwa mbele ya meseji yako.