Swichi ya KVM na lawama isiyo yake

"Nina kompyuta mbili na meza moja nyembamba. Nikinunua hiyo swichi ya KVM nitapumua, au nitajiongezea matatizo?"

Mimi nasema utapumua, ingawa wanaoikataa swichi hii, inayoziwezesha kompyuta mbili kutumia kibodi, kipanya na skrini moja, hawasemi uongo. Wanachokilalamikia, yaani madirisha ya programu kuhama kila swichi inapogeuzwa, kipo, wanachokikosea ni chanzo chake.

Mtu akibonyeza kitufe, swichi huikata kibodi na kipanya kutoka kompyuta ya kwanza na kuviunga na ya pili, ambayo huvitambua upya kana kwamba waya wa USB umechomekwa sasa hivi. Ndiyo maana mara nyingi kuna kusubiri kidogo kabla kipanya hakijasogea. Wakati huohuo picha ya HDMI nayo hubadilishwa. Kompyuta zote mbili huendelea na kazi zao. Kinachohama ni macho na mikono ya aliyeketi mezani.

Ugomvi uko kwenye picha. Katika nyumba moja ya wageni mtaa wa Langoni, hapa Lamu, meza ya mapokezi ina kompyuta ya mezani yenye daftari la wageni, na kipakatalishi cha hesabu, vikishirikiana skrini moja ya pikseli 1920 kwa 1080. Mhasibu alikuwa akifungua jedwali lake kwenye skrini kubwa, akigeuza swichi ili mwenzake aandikishe mgeni, na akirudi analikuta jedwali limesukumwa kwenye kioo kidogo cha kipakatalishi, kila siku mara kadhaa. Alikuwa ameshaamua kuirudisha swichi dukani.

Nilimwomba ageuze swichi huku akitazama kioo cha kipakatalishi, si skrini kubwa. Kioo kilipepesa mara moja, madirisha yakaruka. Hapo ugonjwa ulijitaja wenyewe. Kila skrini hubeba maelezo mafupi yaitwayo EDID, aghalabu baiti 128 au 256, ambayo kompyuta huyasoma kupitia waya uleule wa picha ili ijue skrini ni ya nani na inapokea ukubwa gani. Swichi yake ilikuwa inaukata mstari huo pamoja na picha, kwa hiyo kwa kipakatalishi kila mgeuzo ulikuwa sawa na skrini kung'olewa ukutani. Kinachofuata ni kazi halali ya Windows: kuyaokoa madirisha yasibaki mahali ambapo hapapo tena.

Kwa kompyuta ya mezani isiyo na kioo kingine, madhara huwa mazito zaidi. Ikiwashwa wakati swichi imegeukia upande wa pili, haipati maelezo ya kusoma, na huenda ikachagua picha ya ukubwa mdogo au isitoe picha kabisa, mtu akadhani imeharibika.

Tiba ni swichi inayoiga EDID, yaani inayoyashika maelezo ya skrini na kuendelea kuionyesha kila kompyuta hata ile isiyotazamwa. Jambo hilo huandikwa kwenye sifa za kifaa, na ndilo la kuulizia kabla ya bei. Aliyekwisha kununua ya aina ile nyingine anaweza kuweka kizibo kidogo cha kuiga EDID kati ya kompyuta na swichi. Mhasibu wetu alichomeka kimoja upande wa kipakatalishi, na jedwali likatulia. Windows 11 pia ina chaguo `Remember window locations based on monitor connection`, ambalo hurudisha madirisha mahali pake skrini inaporudi, ila kule kuruka kwenyewe halikuzuii.

Wapo wanaopendelea programu ya kushiriki kibodi kupitia mtandao, na kwa mwenye skrini mbili hoja yao ni nzuri, kwani baadhi ya programu hizo hunakili hata maandishi kutoka mashine moja hadi nyingine, jambo ambalo swichi ya kawaida haiwezi. Lakini programu hungoja kompyuta iwake na mtandao uwepo, ilhali swichi haihitaji mtandao, na kwa kawaida kibodi yake hufanya kazi hata kwenye ukurasa wa BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijaanza, pale mashine inapogoma kuwaka.

Mipaka ya kweli ni miwili. Swichi ya HDMI 1.4 hufikisha picha ya 4K mara 30 tu kwa sekunde, na kipanya huonekana kizito. Mwenye skrini ya 4K atafute HDMI 2.0, inayofika mara 60. Wa pili ndio ninaouogopa zaidi: tundu la ziada la USB kwenye swichi huhama pamoja na kibodi. Flashi iliyochomekwa hapo hung'olewa katikati ya kunakili, na faili huweza kuharibika. Flashi ichomekwe kwenye kompyuta yenyewe.