Simu ya Laki Moja na Themanini

Mimi ni mtu wa kulalamika, na sioni sababu ya kulificha jambo ambalo nyumba nzima ya wapangaji hapa Ng'ong'ona inalijua. Nimelalamikia vumbi la Dodoma, nimelalamikia upepo wa mwezi wa saba unaoingia chumbani bila kubisha hodi, na nimelalamikia bumu ambalo kila muhula huchelewa kuingia lakini huwahi kwisha. Hata hivyo, lalamiko langu kuu, ambalo wenzangu hulimalizia kabla sijafika nusu, ni makato ya kutuma pesa kwa simu. Nimekuwa nikisema tangu mwaka wa kwanza kwamba haiwezekani mtu atume fedha yake mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, halafu akatwe kana kwamba aliazima mkono wa mtu.

Simu yangu nayo ina kesi yake. Kioo chake kilipasuka nilipoteleza nikishuka kwenye daladala, na tangu siku hiyo imekuwa na akili zake: unaiweka mezani ikiwa imetulia kama mtoto aliyeshiba, mara inajifungua, inachagua jina na kupiga. Imewahi kumpigia mhadhiri wangu wa takwimu saa saba ya usiku. Nilipoamka nilimkuta hewani akiuliza kwa sauti ya usingizi kama kuna msiba, nami kwa kukosa jibu lenye adabu nikamwamkia.

Kwa hiyo, tangazo lile lilinikuta nikiwa mgonjwa anayetafuta dawa. Lilikuwa limesambazwa kwenye kundi la wanafunzi: simu janja mpya ndani ya boksi lake, GB 256, kamera tatu nyuma, kwa shilingi 180,000 tu. Simu hiyohiyo nilikuwa nimeiulizia mjini, katika duka moja karibu na Nyerere Square, nikatajiwa shilingi 850,000, na muuzaji aliponitazama viatu akairudisha kabatini bila kungoja nijibu. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza zile 670,000 za katikati zimekwenda wapi. Mimi sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuchagua rangi.

Nilimwandikia muuzaji, naye akajibu kabla sijaweka simu chini. Aliniita "mdogo wangu", akaniuliza masomo yanaendeleaje, akaniombea heri katika mitihani. Katika miaka mitatu ya chuo hakuna mtu aliyewahi kuniulizia mitihani yangu kwa upole wa namna ile, na ninakiri kwamba hapo ndipo moyo uliponilainika. Alisema yuko Kariakoo, mzigo wao ulikwama bandarini, wakaukomboa kwa bei ya hasara, na sasa zimebaki simu tatu. Baada ya dakika kumi zikabaki mbili. Nilipoomba nifikirie hadi jioni, ikabaki moja, na ikawa ninashindana na mwanafunzi mwingine ambaye, kwa maelezo yake, alikuwa ameshasimama kwa wakala.

Utaratibu ulikuwa nitume nusu ya bei, yaani shilingi 90,000, naye aipakie simu kwenye treni ya SGR ya mchana, nami niipokee jioni stesheni na kumalizia nusu nyingine baada ya kuiona kwa macho. Tafadhali angalia ufundi uliomo hapo. Ile nusu ya pili ndiyo iliyonipumbaza, kwa kuwa niliona mtu anayekubali kulipwa baada ya mzigo kufika hawezi kuwa tapeli, nikasahau kabisa kwamba tapeli hahitaji nusu ya pili, kwa sababu biashara yake inaishia kwenye ya kwanza. Na ili kuniondoa shaka iliyosalia, alinitumia namba ya IMEI ya simu hiyo, ile inayoitambulisha kila simu peke yake, akaniandikia: "Matapeli hawatoi IMEI, mdogo wangu." Nikaona kweli, matapeli wangetoa wapi kitu cha kitaalamu kama hicho.

Salio langu lilikuwa shilingi 90,000 kamili, nayo ilikuwa hela ya kula hadi mwisho wa mwezi. Niliingiza namba yake na kiasi, na likatokea jina la mwenye namba, kama linavyotokea siku zote kabla ya kuweka namba ya siri. Lilikuwa jina la mwanamke. Muuzaji wangu alijitambulisha kwa jina la kiume, na picha yake ilikuwa na ndevu ambazo zingetosha watu wawili. Nilimuuliza, akajibu papo hapo kwamba hiyo ni namba ya mhasibu. Duka lenye simu moja iliyobaki lina mhasibu! Nami, msomi wa takwimu, nikaridhika, nikaweka namba ya siri.

Simu ikanijibu kwamba salio langu halitoshi.

Makato! Nilisimama katikati ya chumba nikayatukana makato kwa sauti hadi jirani akagonga ukuta. Nilihitaji shilingi elfu mbili tatu hivi za kujazia, na mtu pekee hapa mtaani ambaye sikuwa na deni lake ni fundi simu wa kibandani, jirani na muuza chipsi. Nikaenda mbio, ndala moja ikibaki njiani.

"Mbukwa, mwanachuo," alinisalimu bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa ameifungua.

"Shikamoo, fundi. Naomba uniazime elfu tatu, ni ya dharura."

"Marahaba. Dharura ya hospitali au dharura ya mapenzi?"

Nilimweleza. Aliweka bisibisi chini, jambo ambalo halifanyi hata mteja akilia, akaomba aione hiyo namba ya IMEI. Nikamsomea: 359874016253047. Akaiandika nyuma ya karatasi ya kufungia chipsi, akahesabu tarakimu, akasema ziko 15, hapo hajakosea. Kisha akaniuliza ninasoma nini. Nilipomjibu kwamba ninasoma takwimu, alicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Alinieleza kwamba tarakimu nane za mwanzo hutambulisha aina ya simu, sita zinazofuata ni za simu yenyewe, na ile ya mwisho haichaguliwi na mtu, bali hupatikana kwa hesabu kutokana na zile 14 zilizotangulia. "Sasa piga hesabu, msomi," akanisukumia kalamu. Tarakimu iliyo katika nafasi ya pili, ya nne, ya sita, hivyo hivyo hadi ya 14, unaizidisha kwa mbili; ikizaa namba ya tarakimu mbili, unazijumlisha ziwe moja. Tano ikawa kumi, yaani moja na sifuri, ikabaki 1. Nane ikawa 16, yaani moja na sita, ikabaki 7. Nne ikatoa 8, moja ikatoa 2, mbili ikatoa 4, tatu ikatoa 6, na nne ya mwisho ikatoa 8. Jumla yake ni 36. Zile ambazo hazikuzidishwa, yaani 3, 9, 7, 0, 6, 5 na 0, zikatoa 30. Zote pamoja ni 66.

"Jumla ya mwisho lazima iishie na sifuri," alisema fundi. "Kutoka 66 kwenda 70 panahitajika ngapi?"

"Nne."

"Yeye amekuandikia ngapi?"

Nilitazama karatasi. Ilikuwa saba. Mtu yule alikuwa amebuni tarakimu kichwani, mojamoja, kama anayepanga namba za bahati nasibu, na hakuwa na habari kwamba ile ya mwisho ina mwenyewe. Ili nisiseme ameniroga, fundi akaituma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ya kuhakiki simu, na jibu likaja kwamba IMEI hiyo si halali.

Nilianza kumshukuru, lakini akanikata kauli, maana fundi huyu hapendi mtu apone nusu. Alisema kwamba hata kama hesabu ingekubali, asingeniruhusu nitume hata senti, kwa sababu tapeli aliyesoma kidogo zaidi hunakili IMEI ya kweli kutoka kwenye boksi la dukani, na namba ya namna hiyo hupita kila mtihani ilhali simu yenyewe iko kwa mwenyewe. Kwake yeye, namba iliyotumwa kwa ujumbe ni maandishi tu. Namba anayoiamini ni ile inayotokea kwenye kioo cha simu iliyo mkononi mwako, ukiwa umeibonyeza mwenyewe *#06#, ikalingana na ya kwenye boksi na ya kwenye risiti, na jibu la 15090 likataja aina ileile unayoishika. Likitaja aina nyingine, unarudisha simu na kuondoka bila kubishana. Anaijua hasara yake: simu bandia zilipozimwa nchini usiku wa tarehe 16 Juni 2016, asubuhi yake alikuta foleni ya wateja kibandani, kila mmoja na simu inayowaka vizuri kabisa lakini haipigi wala haipigiwi, wakimtaka aitengeneze kana kwamba kuna waya uliochomoka.

Namba ya muuzaji tuliituma kwenda 15040, kunakopokelewa taarifa za matapeli. Wakati huo yeye alikuwa akiendelea kuniandikia kwamba treni inakaribia kuondoka na mhasibu anasubiri.

Nilipokuwa narudi niliiokota ndala yangu, nikajaribu kulalamika kidogo ili nijisikie nyumbani, lakini lalamiko lilinikwama kooni, kwani kila nilipofungua kinywa kuyatukana makato niliiona ile 90,000 yangu ikiwa salama pale ilipo. Ilinibidi nilalamikie upepo.

Tulikubaliana na fundi kwamba nitamletea simu yangu kesho yake abadilishe kioo kwa shilingi 25,000, nilipe kwa awamu mbili, na awamu ya kwanza iwe baada ya kazi. Usiku huo nililala mapema. Saa saba hivi nikashtushwa na sauti ya mtu chumbani, nikajua kwamba simu yangu imefanya tena yake, nikaomba Mungu asiwe mhadhiri.

"Haloo? Mdogo wangu?" ilikuwa sauti nzito, yenye usingizi na matumaini. "Umeshatuma?"

"Samahani sana, kaka," nilimjibu. "Sikupiga mimi. Ni simu tu, nayo inatafuta mnunuzi. Ningekutajia IMEI yake, lakini ya kwangu inaishia na tarakimu inayotakiwa."

Akakata. Nami nikabaki gizani nikilalamika kwamba dakika zote hizo zimekatwa kwenye salio langu.