Punguzo la hatifungani: riba halisi au mafungu sawa?

Kampuni inauza hatifungani za shilingi milioni 100 za miaka mitano, kwa riba ya kuponi ya asilimia 10 inayolipwa kila mwisho wa mwaka. Soko linadai asilimia 12, hivyo wanunuzi wanatoa milioni 92.79 tu. Upungufu wa milioni 7.21 ndio punguzo, nalo ni riba iliyocheleweshwa: italipwa siku ya mwisho, kampuni itakaporudisha milioni 100 kamili. Wahasibu wanabishana juu ya namna ya kuigawa kwa miaka hiyo mitano.

Kwa mafungu sawa, kila mwaka unabeba milioni 1.44, na gharama ya riba ni milioni 11.44 mwaka hadi mwaka. Ni hesabu ya dakika moja. Kwa riba halisi, unazidisha salio la deni kwa asilimia 12. Mwaka wa kwanza unapata milioni 11.13, kuponi imechukua 10, na 1.13 inayobaki inaongezwa kwenye deni, ambalo sasa ni milioni 93.93. Mwaka wa pili riba inakokotolewa juu ya salio hilo, nayo ni milioni 11.27. Inapanda hivyo hadi deni lifike 100.

Wanaotetea mafungu sawa wana hoja: jumla ya miaka mitano ni ileile, na hapa tofauti ya mwaka wa kwanza ni kama laki tatu tu. Sheria za uhasibu za Marekani zinairuhusu njia hiyo pale matokeo yasipotofautiana sana. IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali na madeni ya kifedha, inataka riba halisi kwa deni linalopimwa namna hii, ingawa tofauti isiyo na uzito haitamfanya mkaguzi agombane nawe.

Lakini chukua hatifungani isiyo na kuponi, ya miaka 20, kwa asilimia 12 ileile. Milioni 100 inauzwa kwa milioni 10.37. Mafungu sawa yanaandika gharama ya milioni 4.48 mwaka wa kwanza, yaani zaidi ya asilimia 43 ya fedha zilizokopwa! Gharama halisi ni milioni 1.24. Hapo urahisi umegeuka upotoshaji, na kwa maoni yangu hakuna cha kujadili.

Riba halisi nayo ina mtego wake: gharama za kutoa hatifungani. Tuseme katika mfano wetu wa kwanza mawakili na madalali wamechukua milioni 2. IFRS 9 inazitoa kwenye kiasi cha kuanzia, kwa hiyo deni linaanza na milioni 90.79, na kiwango cha riba halisi kinapanda hadi karibu asilimia 12.6. Anayeendelea kutumia 12 atajua amekosea mwishoni mwa jedwali, kwa sababu salio litaishia milioni 96.5 badala ya 100.