Sikio la fundi

"Mtu aliyepunguzwa kazini akiwa na miaka 50 atamfundisha nini kijana wa leo?"

Ndivyo alivyouliza mtu kuhusu mzee mchomeleaji aliyepunguzwa kiwandani, ambaye sasa anafundisha vijana. Atamfundisha kusikiliza. Nami ni mchomeleaji, najua. Mwanagenzi hukazia macho mwanga, kumbe dosari hutangulia kusikika. Ncha ya elektrodi, kile kijiti cha kuchomelea, ikikaa karibu na chuma, kwa umbali usiozidi sana unene wa elektrodi yenyewe, sauti huwa kama mafuta yanayokaanga, mfululizo. Akiinua mkono, mlio unakatika, cheche zinaruka ovyo, na kiungo hubaki na vitundu ndani. Fundi mzoefu husikia hayo hata akiwa amempa kijana mgongo.

Tena asimwambie tu kwamba amekosea. Amchomeleshe vipande viwili vya majaribio pembemraba, upande mmoja tu, kisha avunje kiungo kwa nyundo mbele yake. Juu kilionekana laini na kizuri. Ndani kijana anajionea mwenyewe ganda lililonaswa, au kona ambayo chuma hakikuyeyuka kabisa. Hapo hubishani naye tena. Nimefurahi mno kwamba mzee huyu amepata wa kuwaachia ujuzi wake, maana kiwanda kilichompunguza kilikuwa kinautupa.