Pakiti ya tatu kwa moja au kahawa tupu ya kuyeyusha: unanunua nini hasa?

Geuza pakiti ya kahawa ya tatu kwa moja usome orodha ya viambato nyuma. Kwa kawaida viambato hupangwa kwa uzito, kizito zaidi kikitangulia. Mara nyingi utaona sukari kwanza, krima ya pili, na kahawa yenyewe ikifuata nyuma kwa mbali, pengine asilimia 10 tu au karibu na hapo.

Tuchukue pakiti ya gramu 18 yenye sukari nusu na kahawa asilimia 10. Ndani yake mna sukari gramu 9, yaani vijiko viwili vya chai, krima kama gramu 7, na kahawa gramu 1.8. Viwango hutofautiana kati ya chapa na chapa, kwa hiyo fanya hesabu hii kwa pakiti uliyonayo.

Shida ya pakiti si kwamba ina sukari. Anayekunywa kahawa tupu akaitia vijiko vitatu amemzidi mwenye pakiti, na hapa pakiti inastahili kutetewa: angalau ina kipimo. Shida ni kwamba kipimo hicho hakigawanyiki. Ukitaka kahawa kali zaidi unafungua pakiti ya pili, na sukari nayo inafika gramu 18. Ukiona ni tamu mno unaongeza maji, lakini sukari haijapungua hata chembe. Umeirefusha tu, na kahawa umeifanya nyepesi.

Mnywaji wa vikombe vinne kwa siku ndiye anayeona tofauti. Kwa pakiti anapata sukari gramu 36. Kwa kahawa tupu, kila kikombe kikiwa na kijiko kimoja cha sukari cha gramu 4, anapata 16. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke chini ya 25. Kwa mnywaji wa kikombe kimoja, ubishi huu hauna uzito mkubwa.

Upande wa kafeini, wengi hudhani pakiti ni dhaifu sana. Unga wa kahawa ya kuyeyusha huwa na kafeini kama asilimia 3, ingawa kahawa ya aina ya robusta huizidi ya aina ya arabika. Gramu 1.8 zinatoa takriban miligramu 54, na kijiko cha gramu 2 cha kahawa tupu kinatoa 60. Karibu ni sawa. Ladha ya pakiti huonekana laini kwa sababu krima na utamu vinafunika uchungu, kwa hiyo anayekosa usingizi asijidanganye kwamba amekunywa kitu chepesi.

Krima ndiyo sehemu isiyosomwa. Kwa kawaida si maziwa, bali ni sharubati ya glukosi iliyokaushwa, mafuta ya mawese au ya nazi, na protini ya maziwa iitwayo kaseinati. Ndiyo maana hata pakiti iliyoandikwa "bila sukari" inaweza kuwa na wanga wa glukosi ndani ya krima, na mwenye mzio wa maziwa hayuko salama hata kama krima si ya maziwa. Kwenye mafuta, epuka yaliyoandikwa kuwa yametiwa haidrojeni kwa sehemu, maana hayo ndiyo chanzo kikuu cha mafuta ya transi, yale yanayodhuru moyo. Kwa haki, krima haichachi na hukaa bila friji. Maziwa mabichi yaliyoanza kuchacha hukatika yakikutana na kahawa ya moto.

Gharama ilinganishwe kwa gramu za kahawa, si kwa kikombe. Kopo la gramu 100 lina kahawa sawa na pakiti 55 hivi. Jumlisha bei ya pakiti 55, kisha uilinganishe na bei ya kopo pamoja na nusu kilo ya sukari na gramu 400 hivi za krima au maziwa ya unga. Mara nyingi kopo hushinda, ila kwa anayelimaliza. Anayekunywa mara moja kwa wiki, au anayechota kwa kijiko chenye maji, atakuta unga umegeuka donge gumu lisilo na harufu. Huyo pakiti inamfaa.

Asiyetaka kuacha pakiti anaweza kutumia nusu yake na nusu kijiko cha kahawa tupu: sukari gramu 4.5, kahawa karibu gramu 1.9. Itikise kwanza kabla ya kufungua, kwa kuwa chembe za sukari na unga wa krima hujitenga pakiti inapokaa, na nusu ya juu inaweza isilingane na ya chini. Nusu iliyobaki ikunje vizuri na uitumie siku hiyo hiyo, kabla haijanyonya unyevu.