Mteja wa tani mbili: apandishiwe bei au aachwe?

Kwenye maghala ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, mnunuzi wa chakula cha kuku anayebeba tani mbili kwa mwezi huheshimiwa kuliko mchuuzi wa gunia moja. Heshima hiyo inatokana na mauzo. Faida ni habari nyingine, na haionekani mpaka gharama za mteja mmoja mmoja ziandikwe kando.

Tuchukue mfano. Mnunuzi huyo anachukua kilo 2,000 kwa mali kauli ya siku 45. Dagaa wamenunuliwa kwa sh 2,600 kwa kilo, naye anauziwa kwa sh 3,000. Juu juu kuna sh 800,000. Sasa toa safari nne za kumpelekea mzigo, sh 240,000, na makuli wa magunia 50 kwa sh 1,500 kila moja, sh 75,000. Akipima upya kiwandani anakata kilo 60 kwa sababu ya mchanga na unyevu, nazo ni sh 180,000. Mtaji wa sh 5,200,000 umelala mwezi mmoja na nusu. Ukiwa umekopwa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, hiyo ni sh 234,000. Nauli na vocha za kufuatilia deni, sh 30,000. Kinachobaki ni sh 41,000.

Wanaotaka aachwe wana hoja nzito. Wanasema abebe pia sehemu yake ya kodi ya ghala, tuseme sh 150,000, na hapo anakuwa hasara ya sh 109,000. Wanaongeza kwamba mtaji ule ule, ukiuzwa taslimu kwa wachuuzi, ungerudi ndani ya wiki mbili na kuzunguka mara tatu kabla yeye hajalipa mara moja.

Hoja ya mzunguko ina nguvu, ila ya kodi inapotosha. Mwenye ghala hatapunguza kodi kwa sababu mteja mmoja ameondoka. Gharama za kumhesabia mteja ni zile zitakazokoma siku atakapoacha kuja. Ukimfukuza huyu bila kupata wa kujaza nafasi yake, ile sh 41,000 inapotea na kodi inabaki pale pale. Na mzunguko wa haraka unahitaji wachuuzi wa kutosha kumaliza kilo 2,000 kila wiki mbili. Wakati wa giza, usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi ya taa inapojaza mwalo na bei kushuka, wachuuzi hao hushiba mapema.

Kuna jambo la pili ambalo daftari la mwezi mmoja halilionyeshi. Mvua za masika zikiwakuta dagaa mchangani kabla hawajakauka, wanabadilika rangi na kuanza kunuka. Mama wa sokoni hawagusi. Mtu wa chakula cha kuku anawachukua kwa bei ya chini, mradi wakaushwe tena na wasiwe na ukungu, maana wenye ukungu wanaweza kudhuru kuku. Bila yeye, mzigo huo unatupwa. Kwa upande mwingine, wakati wa mbalamwezi dagaa hupungua na bei ya kununulia hupanda. Aliyeahidiwa bei moja mwaka mzima ataonekana mzigo mzito wiki hizo. Kwa hiyo hesabu ichukue walau miezi mitatu, na mwezi mmoja wa mvua uwemo.

Kwa maoni yetu, mteja kama huyu aanze kwa kubadilishiwa masharti. Kumpandishia kila kilo sh 100 kunaficha tatizo, kwa sababu gharama yake haitokani na kilo. Bei iwe ya ghalani, na usafiri alipe mwenyewe. Mzigo upimwe na kuchekechwa mchanga mbele ya mtu wake kabla ya kupakiwa, na baada ya hapo hakuna kukata kilo. Mali kauli ishuke hadi siku 15. Anayetaka 45 auziwe kwa bei nyingine, ambayo imebeba riba. Akikubali usafiri na siku 15 tu, ile sh 41,000 inafika sh 437,000, maana nauli ya sh 240,000 imetoka na riba imepungua kwa sh 156,000.

Akikataa yote, na mvua zikipita bila yeye kuchukua dagaa walionyeshewa, hapo sababu ya kumbakiza imekwisha. Lakini usimtangazie kabla hajalipa. Mdaiwa akijua hatapewa mzigo tena, huliweka deni lako mwisho wa foleni. Mpe mzigo unaopungua kila safari, kila mmoja mdogo kuliko alicholipa wiki hiyo, mpaka deni liishe. Kisha mweleze kwamba bila masharti hayo hapati mzigo tena, na achague mwenyewe.