Mzee, njugu hazina makosa

Jirani yangu hapa Nakuru, mzee aliyestaafu, ana presha na kolesteroli yake imepanda. Alipoambiwa apunguze mafuta, kitu cha kwanza kukiacha kilikuwa njugu, yaani karanga. Chapati za jioni zinaendelea kukaangwa kwa mafuta ya kopo kama kawaida. Nilipomwuliza, alinijibu, "Mwanangu, njugu ni mafuta matupu. Zisage uone."

Hapo hajakosea. Karibu nusu ya uzito wa njugu ni mafuta, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 huku ya wanga au protini ikiwa na 4. Tena njugu iliyokaangwa haina maji ya kuipunguzia nguvu. Ndiyo maana gramu 100 zinafika kalori 570 hivi. Zile za kuchemsha, zinazopendwa sana upande wa Busia na Siaya, zimefyonza maji, kwa hiyo uzito uleule unakaribia kalori 320 tu.

Ninachobishana naye ni kuyaweka mafuta yote kwenye kapu moja. Asubuhi za Nakuru zina baridi, na yale mafuta yake ya kopo huwa yameganda kiasi cha kuchotwa kwa kijiko kama udongo. Sasa atazame chupa ya siagi ya karanga isiyoongezwa kitu, baridi hiyohiyo: mafuta yanaelea juu, yanamiminika. Yanayoganda yana sehemu kubwa ya mafuta yaliyoshiba. Yanayomiminika mengi yake hayajashiba, na katika njugu hayo ndiyo zaidi ya robo tatu ya mafuta yote. (Siagi ya karanga isiyotenganisha mafuta kabisa mara nyingi imeongezwa mafuta mengine ya kuigandisha. Soma karatasi ya chupa.)

Moyo unaingia hapa kupitia ini. Ini lina vipokezi vinavyonasa kolesteroli mbaya, ile ya LDL, na kuiondoa kwenye damu. Mafuta yaliyoshiba yakizidi, vipokezi hivyo hupungua na LDL inabaki ikizunguka, ikijipenyeza kwenye kuta za mishipa. Ukiyaondoa na kuweka yasiyoshiba mahali pake, ini linarudi kazini. Neno zito ni "mahali pake". Mzee akirudisha njugu bila kugusa zile chapati, ameongeza kalori tu.

Ushahidi upo, na una mipaka yake. Watafiti wa Uhispania walifuatilia watu zaidi ya 7,000 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo. Kundi moja lilipewa gramu 30 za kokwa kwa siku, yaani jozi, lozi na hazeli, ndani ya mlo wa kule kwao, lingine likashauriwa kupunguza mafuta. Kundi la kwanza lilipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo kwa kiasi cha karibu asilimia 30 pungufu, na tofauti ilionekana zaidi kwenye kiharusi. Matokeo ya 2013 yaliondolewa kwa sababu ya kasoro katika kuwagawa washiriki, yakachambuliwa upya na kuchapishwa tena 2018, na picha haikubadilika sana. Njugu zetu hazikuwamo, ingawa mafuta yake ni ya jamii hiyohiyo.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wa dayati hawalisemi. Mafuta ya njugu yamefungiwa ndani ya kuta za seli, na meno yetu hayazivunji zote. Sehemu hupita tumboni bila kufyonzwa. Kwa lozi nzima, waliopima walikuta mwili unapata kalori pungufu kwa karibu robo kuliko zinazoandikwa kwenye pakiti. Kwa njugu pia, anayekula nzima hupoteza mafuta mengi zaidi chooni kuliko anayekula siagi yake, maana mashine imeshazivunja kuta hizo. Kwa mtu anayechunga uzito, basi, ningesema nzima kabla ya kusaga.

Kwa mzee nilipendekeza hivi: konzi moja dogo, gramu 30, kwa chai ya saa nne, badala ya mandazi mawili yaliyozama kwenye mafuta. Hizo ni kalori 170 hivi na gramu 2 tu za mafuta yaliyoshiba. Robo kilo ukiitafuna kwenye matatu kutoka hapa hadi Kisumu ni kalori 1,400, na hapo moyo hausaidiki.

Kwa sababu ya presha, anunue zisizo na chumvi. Na azikague kabla ya kula: iliyosinyaa, yenye ukungu au rangi ya ajabu aitupe, na ikiwa chungu mdomoni aiteme. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi yote kwa kukaangwa.